Makala ina kosa kubwa la takwimu: nipendekeze ikataliwe au irekebishwe?

Barua

Shikamoo Mshauri,

Mhariri wa jarida moja la elimu ameniomba nihakiki makala, na ni mara yangu ya kwanza kufanya kazi hii. Makala inahusu mpango wa wanafunzi kusomeana kwa sauti darasani, wawili wawili. Shule sita zilishiriki. Tatu zilifuata mpango huo kwa muhula mmoja, na tatu ziliendelea kufundisha kama kawaida. Kila shule ilitoa wanafunzi 80, jumla 480. Mwishoni wote walifanya mtihani wa kusoma wenye alama 100. Upande wa mpango ulipata wastani wa 55, upande wa pili 49. Waandishi wamelinganisha wanafunzi 240 na wanafunzi 240 kwa jaribio la t, wakapata p = 0.003, na wanahitimisha kwamba mpango "unaongeza uwezo wa kusoma".

Nionavyo mimi, kilichopewa mpango ni shule, si mwanafunzi mmoja mmoja, kwa hiyo hesabu hiyo haiwezi kusimama. Kiambatisho kinaonyesha wastani wa kila shule: 61, 54 na 50 kwa upande wa mpango; 52, 49 na 46 kwa upande wa pili. Shule zilichaguliwaje, hakuna anayesema. Mtihani wa awali ulifanyika, lakini wameandika tu kwamba "vikundi vililingana".

Mwalimu wangu wa zamani, niliyemweleza tatizo kwa ujumla bila kumwonyesha makala, anasema nipendekeze ikataliwe, maana mhakiki anayelegea hudharauliwa na wahariri. Mimi nasita. Maelezo ya jinsi walimu walivyouendesha mpango ni mazuri mno. Lakini nikipendekeza marekebisho makubwa, waandishi wahangaike kwa miezi kisha matokeo yayeyuke, nitakuwa nimewapa tumaini la uongo. Rasimu yangu inasema: "Uchambuzi wa takwimu ni dhaifu na haufai. Waandishi wamtafute mtakwimu." Baada ya hapo kuna orodha ndefu ya maoni, mengi ni ya lugha na koma. Nikiisoma naona ni kali, ila haimsaidii mtu. Nifanyeje?

Mhakiki Mpya

Jibu

Marahaba, ndugu yangu.

Nianze na zile namba sita za kiambatisho, kwa sababu zinaweza kukutoa kwenye mashaka kuliko ushauri wangu wowote. Chukua wastani wa shule kama ndiyo data yenyewe: upande mmoja 61, 54, 50, upande wa pili 52, 49, 46. Tofauti ya pande mbili inabaki alama 6, haijapungua. Kinachobadilika ni uhakika wetu juu yake. Ukifanya jaribio lile lile la t kwa shule tatu dhidi ya tatu, kosa sanifu linakuwa kama alama 3.7, t ni 1.6 hivi, na kwa digrii nne za uhuru p inafika karibu 0.18. Mipaka ya uhakika wa asilimia 95 inaanzia takriban −4 na kuishia +16. Yaani data hii inaruhusu mpango uwe na faida kubwa sana, na inaruhusu pia uwe na hasara kidogo.

Kuna njia nyingine ya kuliona jambo hili, na hii unaweza kuiandika kwenye ripoti yako bila kumchosha msomaji asiyependa takwimu. Shule sita zinaweza kugawanywa tatu kwa tatu kwa njia 20 tu. Ukizipitia zote, njia 4 kati ya hizo 20 zinatoa tofauti ya alama 6 au zaidi, ama upande huu ama ule. Hiyo ni 0.20. Na hata kama shule tatu za mpango zingekuwa zimezishinda zile nyingine zote bila kubakiza, mgawanyo uliokithiri kiasi hicho ni 2 kati ya 20, yaani 0.10. Kwa hiyo kwa njia hii ya kugawa upya, hakuna matokeo yoyote ya shule sita ambayo yangeshuka chini ya 0.05, mpaka uliozoeleka. Ukimwonyesha mwandishi hilo, anaona mwenyewe kwamba 0.003 imetoka mahali pasipostahili, na haoni kwamba amedharauliwa.

Sababu yake unaijua, ila waandishi wanahitaji kuelezwa. Wanafunzi wa shule moja wana walimu walewale, vitabu vilevile, na mara nyingi mazingira ya nyumbani yanayokaribiana. Ukichota ndoo 80 kutoka kisima kimoja, umekijua vizuri kisima hicho, lakini hujapima visima 80. Hesabu yake ni `1 + (m − 1) × ρ`, ambapo m ni idadi ya wanafunzi katika kila shule na ρ ni kiwango cha kufanana kwao. Hata ρ ikiwa 0.03 tu, namba ambayo mtu angeipuuza, kwa wanafunzi 80 inatoa 3.37. Gawanya 480 kwa hiyo, unabaki na uzito wa wanafunzi kama 142. Kosa hili ni la zamani na linawapata watu makini. Jerome Cornfield alilionya wazi mwaka 1978 alipoandika kuhusu majaribio yanayogawa watu kwa makundi, na mwongozo wa CONSORT, unaoeleza jinsi ya kuripoti majaribio, ulipata nyongeza maalumu ya majaribio ya aina hii mwaka 2004, ikasasishwa mwaka 2012. Ukiwatajia waandishi mwongozo huo unawapa mahali pa kuanzia, na wanajua kwamba hoja hii haikuzaliwa kichwani mwa mhakiki mmoja mkali.

Sasa nataka nikuulize kidogo kuhusu yale unayoyachukulia kuwa lazima yatatokea. Unasema matokeo yatayeyuka. Huenda. Lakini kuna mtihani wa awali ambao hatujauona kwa shule, na huo unaweza kugeuza hesabu upande wowote.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mwanzoni shule za mpango zilikuwa na 57, 47 na 43, na zile nyingine 49, 46 na 44. Maendeleo ya kila shule yangekuwa 4, 7 na 7 kwa upande mmoja, na 3, 3 na 2 kwa upande wa pili. Tofauti ingeshuka kutoka alama 6 hadi 3.3, maana karibu nusu ya zile 6 ilikuwapo kabla mpango haujaanza. Lakini kwa kuwa sasa shule za upande mmoja zinakaribiana zaidi katika maendeleo yao, mipaka ya uhakika nayo inabana, inakuwa kama 0.4 hadi 6.3. Matokeo yamekuwa madogo na wakati huohuo yamekuwa imara zaidi. Ule ukomo wa 0.10 wa kugawa upya bado upo palepale, kwa hiyo tahadhari haiondoki. Namba hizi nimezitunga ili uone tu kwamba wewe na mimi hatujui makala itaishia wapi. Inawezekana pia mtihani wa awali ukaonyesha kwamba tofauti yote ilikuwapo tangu siku ya kwanza. Ile sentensi ya "vikundi vililingana" haitusaidii, hasa ikiwa walilinganisha tena 240 na 240. Na hata kulinganisha shule tatu na tatu na kukosa tofauti hakuthibitishi kwamba zililingana. Tunachohitaji ni wastani wa awali wa kila shule kwenye jedwali.

Jambo la pili ninalotaka tulitazame pamoja ni wazo kwamba makala isiyo na p ndogo haina cha kuchapisha. Majarida hayafanani katika hili, na ingefaa usome maelezo ya jarida lenyewe kwa wahakiki. Mengine huuliza kama kazi imefanywa sawasawa na kama hitimisho linafuata kutoka kwenye data. Mengine hutaka pia matokeo yenye uzito mpya. Wewe mwenyewe umesema maelezo ya uendeshaji wa mpango ni mazuri. Makala inayosema "hivi ndivyo walimu wa shule tatu walivyouendesha mpango, hapa ndipo ulipokwama, na makadirio yetu ya awali ni haya pamoja na mipaka yake mipana" ni makala nyingine kabisa na ile iliyoko mezani kwako, lakini imo ndani yake. Anayepanga utafiti wa shule 40 angeihitaji. Swali ambalo ni wewe tu uliyeisoma unaweza kulijibu ni hili: je, hayo maelezo ya uendeshaji yana kina cha kuibeba makala, au ni aya mbili nzuri zilizokuvutia kwa sababu mengine yote yalikuwa makavu?

Kuhusu mwalimu wako, naona ana nia njema, na ametoa jambo la kweli kidogo: mhariri huchoka na mhakiki anayeandika "makala nzuri, marekebisho madogo" kwa kila kitu. Ila mhariri hupima ripoti kwa kitu kingine. Anataka kujua kama anaweza kuitumia kufanya uamuzi na kuwaandikia waandishi barua. Uamuzi ni wake, na kwa kawaida atakuwa na ripoti ya mhakiki mwingine mmoja au wawili. Pendekezo lako la "ikataliwe" lenye mistari miwili halimpi chochote cha kushika. Na pendekezo la "marekebisho makubwa" lisilosema marekebisho hayo ni yapi linampa pungufu hata ya hapo. Vizuri pia kwamba hukumwonyesha mtu makala. Miongozo ya Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, inayojulikana kwa kifupi kama COPE, inataka mhakiki asimhusishe mwingine bila idhini ya jarida. Ukihitaji mtakwimu akutazamie hesabu, mwombe mhariri kwanza. Au mwambie mhariri kwamba umehakiki upande wa elimu kwa uhakika na kwamba upande wa takwimu ungefaa uangaliwe na mtu wa fani hiyo.

Tuje kwenye rasimu. Sentensi yako, "Uchambuzi wa takwimu ni dhaifu na haufai", ni kweli. Tatizo lake ni kwamba mwandishi akiisoma hajui aguse wapi. Je, ni jaribio la t? Ni Jedwali la 2 au la 3? Ni ukubwa wa sampuli? Atakisia, atabadilisha kitu ambacho hukukusudia, na awamu ya pili mtajikuta mmegombana. Kila hoja kubwa inahitaji vitu vitatu vinavyofuatana: ulichokiona na mahali kilipo, dai gani la makala linatikiswa nacho, na nini kingekuridhisha. Nimejaribu kuiandika ile hoja yako upya, uione inavyokaa:

"Katika Jedwali la 2 waandishi wanalinganisha wanafunzi 240 na 240 kana kwamba kila mmoja alipangiwa kundi peke yake. Mpango ulitolewa kwa shule nzima, na wanafunzi wa shule moja hufanana, kwa hiyo kosa sanifu lililoripotiwa ni dogo kuliko linavyostahili. Kwa kutumia wastani wa shule ulio kwenye kiambatisho, napata tofauti ileile ya alama 6, lakini mipaka ya uhakika wa asilimia 95 ni takriban −4 hadi +16. Hili linagusa dai kuu la makala katika ikisiri na hitimisho. Naomba uchambuzi urudiwe kwa kiwango cha shule, ukizingatia alama za awali za kila shule, na makadirio yaripotiwe pamoja na mipaka yake. Modeli ya ngazi mbili inaweza kutumika pia, lakini kwa shule sita tu inahitaji masahihisho ya sampuli ndogo, na naomba waandishi waeleze waliyotumia. Ikiwa baada ya hapo mipaka itabaki mipana, sitaona hilo kuwa kasoro ya makala. Naomba tu ikisiri na hitimisho viendane nayo."

Sentensi ile ya mwisho ndiyo ningekuomba uifikirie sana kabla ya kuiandika au kuiacha. Ukiiandika, umejifunga. Waandishi wakirudi na mipaka ya −4 hadi +16 na hitimisho la unyenyekevu, huwezi kusema sasa matokeo hayana nguvu. Ukiona huwezi kujifunga hivyo, basi huenda moyoni mwako pendekezo si marekebisho makubwa, na hofu yako ya tumaini la uongo ina msingi. Tumaini la uongo linatokana na mhakiki kuomba mambo huku akijua kwamba hata yakifanywa hatakubali. Uchambuzi mgumu peke yake hauleti tumaini la uongo.

Hoja ya uchaguzi wa shule ni ya aina tofauti, na ningeitenganisha na ile ya kwanza. Uchambuzi unaweza kurudiwa mezani. Lakini jinsi shule zilivyopatikana ni jambo lililokwisha kutokea. Ikiwa zilichaguliwa kwa bahati nasibu, waandishi wataandika aya moja na mambo yataendelea. Ikiwa walimu wakuu watatu walijitolea kwa sababu walikuwa na ari ya kusoma, hakuna modeli itakayoutenganisha mpango na ari yao, hata ukiongeza alama za awali. Hapo kinachoweza kurekebishwa ni lugha tu: "unaongeza" inakuwa "shule zilizoutumia zilikuwa na alama za juu zaidi", na kichwa cha makala kinabadilika. Kwa hiyo iandike kama swali la kweli, si kama shutuma, na useme mapema kila jibu litamaanisha nini kwa hitimisho. Kitu kimoja cha kujihadhari nacho: usiombe shule zaidi. Kumwambia mwandishi aongeze shule kumi ni kumwambia afanye utafiti mwingine. Kama unaona hakuna kitu kinachotosha isipokuwa hilo, ni heshima zaidi kwake kupendekeza ikataliwe, ukaeleza kwa nini, kuliko kumwekea sharti lisilotekelezeka na kuliita marekebisho.

Njia ya kukataa nayo ina upande wake mzuri, nisiipite haraka. Waandishi wanapata jibu mapema na wako huru kwenda kwingine. Baadhi ya majarida yana chaguo la katikati, kukataa huku wakikaribishwa kuleta upya, na chaguo hilo hufaa pale makala inapohitaji kuandikwa upya kiasi kwamba itakuwa kama nyingine. Hatari yake ni kwamba makala iliyokataliwa kwa ripoti fupi mara nyingi hupelekwa jarida lingine ikiwa na 0.003 yake ileile, na inaweza kuchapishwa hivyo. Ukikataa kwa ripoti ndefu na wazi, angalau waandishi wanakuwa na kila kinachohitajika kuirekebisha popote waendapo. Kwa maneno mengine, kazi ya kuandika hoja ile kubwa unayo kwa vyovyote, uchague kisanduku gani kwenye fomu.

Njia ya marekebisho makubwa inakugharimu wewe pia. Karibu hakika mhariri atakurudishia makala ikifanyiwa kazi, na utatarajiwa kusoma barua ya majibu ya waandishi hoja kwa hoja. Katika awamu hiyo si haki kuibua mambo mapya ambayo yalikuwapo tangu mwanzo, isipokuwa yawe yamezaliwa na mabadiliko yenyewe. Hivyo kama una wasiwasi wowote mwingine, kwa mfano wanafunzi waliokosa mtihani wa mwisho walihesabiwaje, useme sasa. Ukijua miezi ijayo huna nafasi, mwambie mhariri mapema.

Zile koma, ndugu yangu, zipunguze. Najua zilikuchukua muda. Lakini mwandishi anayepokea maoni mengi yaliyopangwa kwa mfuatano wa kurasa hujibu kwanza yale mepesi, na hoja moja inayobeba makala nzima anaikuta katikati ya orodha, kati ya herufi iliyokosewa na kichwa cha jedwali kisicholingana. Weka hoja kubwa mwanzoni kwa namba, ziwe mbili au tatu. Madogo yaje mwishoni kwa ufupi, na kuhusu lugha sentensi moja inatosha: kwamba makala ingefaa kupitiwa na mhariri wa lugha baada ya marekebisho. Aya nyingi zitabadilika, kwa hiyo kusahihisha koma za leo ni kusahihisha sentensi ambazo huenda zitafutwa.

Kabla ya hoja hizo zote, andika aya moja ya kueleza makala kwa maneno yako: waandishi wameuliza nini, wamefanya nini, wanadai nini. Mhariri huisoma hiyo kujua kama ulisoma kweli, na mwandishi huisoma kujua kama alieleweka. Mara nyingine mhakiki mwenyewe hugundua akiiandika kwamba alikosa kitu. Baada yake taja lililo zuri kwa kulionyesha lilipo, kama ulivyoniandikia mimi kuhusu uendeshaji wa mpango, ukisema ni sehemu gani isipunguzwe wakati wa marekebisho. Hiyo ni sifa, na pia ni maelekezo, kwa sababu waandishi wanaobanwa na idadi ya maneno huanza kukata hapo hapo ili wapate nafasi ya takwimu mpya. Neno "marekebisho makubwa" au "ikataliwe" usiliweke kwenye maandishi yanayokwenda kwa waandishi. Majarida mengi hutaka pendekezo libaki kwenye fomu, ili mhariri asibanwe endapo wahakiki watatofautiana.

Halafu kuna kile kisanduku cha maoni ya siri kwa mhariri. Usikitumie kusema jambo ambalo waandishi hawajaambiwa. COPE inasisitiza pendekezo liendane na ripoti, na mhariri hupata shida akipokea ripoti ya upole kwa waandishi na kisu kwenye kisanduku. Lakini ndiyo mahali pazuri pa kujibu lile swali la kujifunga. Ukiwa umefika kwenye marekebisho makubwa, unaweza kuandika: "Kosa la uchambuzi linaweza kurekebishwa kwa data waliyonayo. Wakilirekebisha na hitimisho likapungua ipasavyo, nitaunga mkono ichapishwe hata kama tofauti haitakuwa na uhakika wa kitakwimu." Ukiwa umefika upande wa pili, unaweza kuandika: "Kosa linaweza kurekebishwa, lakini kwa maoni yangu kitakachobaki kwa shule sita ni kidogo mno kwa jarida hili, nimewaandikia waandishi kwa kina ili wakitumie popote." Jaribu kuziandika zote mbili leo kwa mkono wako, uziache zilale, kesho uone ni ipi unayoweza kuisaini bila kusita.